Ripoti Ikishatoka na Namba Zisizo Sahihi

Duka la mtandaoni haliwezi kupata oda nyingi kutokana na matangazo kuliko oda zote lilizouza. Ni jambo dogo, lakini ndilo linalofichua makosa mengi ya ripoti za kampeni, na mara nyingi anayeligundua ni mhasibu wa duka, si wakala wa matangazo aliyeandaa ripoti. Kosa likishajulikana, wakala ana kazi moja ngumu mbele yake, nayo ni kumwandikia mwenye duka barua ya kurekebisha takwimu alizokwisha kumpa.

Tuchukue mfano wa duka linalouza vitenge kutoka Dar es Salaam. Mwezi Machi lilitumia shilingi milioni 6 kwenye matangazo, nusu kwa wanunuzi wa Dar na nusu kwa wa mikoani. Ripoti ya wakala ilionyesha oda 540: Dar 240, mikoani 300. Kwa hesabu hiyo, kila oda ya Dar iligharimu shilingi 12,500 za matangazo, na ya mikoani 10,000 tu. Mwenye duka akafurahi, akahamishia mikoani sehemu ya fedha za Dar. Siku chache baadaye mhasibu wake akafungua daftari la oda. Machi nzima duka liliuza oda 430, zikiwemo za watu waliopita dukani na za ndugu na marafiki.

Kosa lilianza tarehe 1 Machi. Siku hiyo fundi wa tovuti aliweka utaratibu mpya: kila aliyenunua anapata SMS yenye linki ya ukurasa wa uthibitisho, ili aone mzigo wake umefika wapi. Ukurasa huohuo ndio uliokuwa na kihesabio cha matangazo. Kwa hiyo kila mnunuzi alipofungua linki kuangalia mzigo, mfumo uliandika oda mpya. Anayeishi Kinondoni huletewa mzigo siku hiyohiyo, hana haja ya kufungua linki mara nyingi. Wa Mbeya anasubiri basi, anafungua leo, anafungua kesho, na keshokutwa anafungua tena. Ndiyo maana mikoani ndiko kulikovimba zaidi.

Anwani ya ukurasa ilikuwa na namba ya oda, hivyo wakala aliweza kupanga kumbukumbu upya na kuhesabu kila namba mara moja tu, kisha akazilinganisha na daftari la duka. Dar zilibaki oda 200, mikoani 120. Gharama halisi ya oda moja ikawa shilingi 15,000 Dar na 25,000 mikoani. Duka hubakiwa na shilingi 18,000 kwa oda kabla ya kulipia matangazo. Maana yake Dar inaingiza faida ya shilingi 3,000 kwa oda, na mikoani kila oda inakula hasara ya 7,000. Upande ulioonekana bora kumbe ndio uliokuwa unatafuna mtaji, na ndiko fedha zilikoongezwa.

Hapo ndipo uzito wa barua ulipo. Mawakala wengi huandika kwamba kulitokea hitilafu ya kiufundi, wanaambatanisha jedwali jipya, wanaomba radhi na kuishia hapo. Barua ya namna hiyo inamwachia mwenye duka kazi ya kutafuta mwenyewe alipoumia. Namba iliyokosewa haimdhuru mtu ikiwa karatasini. Inamdhuru pale alipoiamini na kuifanyia kazi. Kwa hiyo barua inapaswa kuifuata namba mpaka kwenye uamuzi uliofanywa kwa kuitegemea.

Kisa cha Facebook kinaonyesha hilo waziwazi. Septemba 2016 kampuni hiyo ilikiri kwamba wastani wa muda ambao watu hutazama video ulikuwa umekuzwa kwa takriban miaka miwili. Jumla ya muda wote wa kutazama iligawanywa kwa waliotazama sekunde 3 na zaidi peke yao. Waliopita haraka hawakuhesabiwa kwenye kigawanyo, hivyo wastani ukapanda. Kampuni ilieleza kuwa malipo ya matangazo hayakuguswa. Hata hivyo watangazaji walikwenda mahakamani, wakidai kwamba namba hizo ziliwafanya wanunue matangazo ya video zaidi na kwa bei ya juu. Mwaka 2019 Facebook ilikubali kulipa dola milioni 40 kumaliza kesi, bila kukiri kosa la kisheria.

Turudi kwenye duka letu. Kabla ya barua, wakala apige simu siku hiyohiyo, aombe matangazo ya mikoani yasimamishwe. Fedha zinaendelea kutoka wakati barua inaandikwa. Kisha barua iende kwa kila aliyepokea ripoti ya kwanza, mhasibu akiwemo, ikiwa na saini ya mkuu wa kampuni. Mimi naona si haki kumtuma kijana aliyeandaa jedwali aibebe peke yake. Barua yenyewe inaweza kusomeka hivi:

"Yah: Marekebisho ya takwimu za kampeni ya Machi

Ndugu Mkurugenzi,

Ripoti ya Machi tuliyokutumia ina makosa. Tafadhali usiitumie. Tuliripoti oda 540. Oda sahihi ni 320. Kosa ni letu: kihesabio kilihesabu oda ileile kila mnunuzi alipofungua ukurasa wa uthibitisho, na hatukulinganisha ripoti na daftari lako kabla ya kuituma. Takwimu za Februari tumezikagua, ziko sawa.

Kwa kuitegemea ripoti hiyo uliongeza matangazo ya mikoani mwezi huu. Kwa takwimu sahihi, tunashauri fedha hizo zirudi Dar. Nyongeza tuliyolipwa kwa kuvuka lengo la oda 500 hatukuistahili; tutaikata kwenye ankara ya Aprili. Tunaomba radhi kwa hasara na usumbufu."

Radhi imekuja mwishoni, baada ya kueleza linaloombewa radhi. Sentensi ya Februari nayo ni ya lazima, kwa sababu swali la kwanza la msomaji yeyote ni kosa lilianza lini na namba zipi bado anaweza kuziamini.

Kuhusu marekebisho, kuandika tu "tumechukua hatua" hakutoshi. Katika kisa hiki hatua ni kutuma namba ya oda pamoja na kila hesabu, kwenye sehemu ambayo Google Ads huiita `transaction_id`. Mfumo ukikutana na namba uliyokwisha kuipokea, hauihesabu tena. Wakala ajaribu mwenyewe: abofye tangazo, anunue kitenge kimoja, afungue ukurasa mara tano, ahakikishe imeandikwa oda moja, kisha amweleze mwenye duka alivyojaribu.

Kuna ambalo marekebisho hayo hayalitatui, na barua iliseme pia. Kutengeneza kihesabio hakusafishi namba za nyuma. Takwimu za Machi zitaendelea kuonekana zimevimba ndani ya mfumo mpaka zirekebishwe kivyake. Aidha, mfumo unaopanga bei za matangazo wenyewe ulijifunza kutokana na oda hewa, ukawa unapeleka fedha kwa watu wanaofanana na wale waliofungua linki mara nyingi. Utahitaji muda kurudi kwenye mstari, na kipindi hicho matokeo ya kila wiki yasomwe kwa tahadhari.

Ripoti ya zamani isifutwe. Iandikwe juu yake kwamba imebadilishwa, pamoja na tarehe, ili atakayeikuta mwakani asiichukue kama ya kweli.

Nawe mwenye duka, ukipokea ripoti ya mwezi huu, mwombe wakala wako aongeze safu moja: jumla ya oda zote kutoka kwenye daftari lako, kando ya oda anazosema zimeletwa na matangazo. Zake zikizidi zako, usilipe nyongeza wala usihamishe fedha mpaka upate maelezo.