Makuhani wa Moto na Kiti cha Mufalme

Neno "mamajusi" tunalisikia kila Noeli. Lakini mbele ya kuingia mu Injili ya Matayo, lilikuwa jina la makuhani wa Uajemi, inchi tunayoita leo Irani. Walifuata mafundisho ya Zaratustra na kuomba Ahura Mazda mbele ya moto usiozimika. Namna gani walipanda juu sana, kisha wakashuka?

Tuangalie mutu mumoja, Kartiri. Wakati wa mufalme Shapuri wa Kwanza, kisha mwaka 240, alikuwa kuhani mwalimu tu. Mufalme Hormizidi akamupa kofia na mukaba wa wakubwa. Bahramu wa Pili, aliyetawala tangu 276 mupaka 293, akamufanya mukubwa wa makuhani na mwamuzi wa inchi yote. Kartiri mwenyewe alichongesha habari hii kwenye mawe, na inasomeka mupaka leo. Anajisifu kama mioto mingi iliwashwa, makuhani wakapata mali, na Wayahudi, Wabuda, Wakristo na wengine wakapigwa. Mani, aliyeanzisha dini nyingine, alikufa mu gereza wakati ule.

Hivi kuhani alikuwa pia mutu wa serikali. Alikata maneno ya watu na kupiga muhuri kwenye barua. Mahekalu ya moto yalikuwa na mashamba yao, na mapato yalilisha makuhani na moto wenyewe. Mufalme naye alipata faida, sababu makuhani walifundisha kama dini na ufalme ni ndugu wawili.

Lakini ndugu mumoja akaanguka. Waarabu Waislamu walishinda jeshi la Uajemi kule Kadisia, karibu mwaka 636, tena kule Nahawandi mwaka 642. Mwaka 651 Yazdigerdi wa Tatu, mufalme wa mwisho, akauawa karibu na Marvu.

Dini haikuisha siku ile. Watu waliruhusiwa kuomba kama walilipa kodi ya kichwa. Kilichoisha ni mukono wa serikali: mwamuzi wa inchi alikuwa sasa mwingine, na feza ya mufalme haikuja tena. Kidogo kidogo, mu miaka mamia, jamaa nyingi zikaingia Uislamu. Kila jamaa iliyotoka, sadaka yake ilitoka nayo.

Mwaka 881 shida ilionekana wazi. Kuhani Zadspramu aliona kama ibada ya kutakaswa, inayomaliza usiku tisa, ni nzito, akataka kuifupisha. Ndugu yake Manushchihiri, mukubwa wa makuhani, akamuandikia barua kali kumukataza. Lakini zamani Kartiri angeita askari wa mufalme. Huyu alikuwa na kalamu tu.

Mu karne ile makuhani waliandika vitabu vingi, juu mafundisho yasipotee. Wengine wa dini yao walivuka bahari mupaka Uhindi, na wajukuu wao wanaitwa Waparsi. Wengine walibaki Yazidi na Kermani, na kule moto ungali unawaka.