KAZI YA KUSAHIHISHA MISWADA YA VITABU

Mwenzetu mmoja ametuuliza: "Mimi najua kusoma na kuandika vizuri. Naweza kulipwa kwa kusahihisha vitabu vya watu wengine?" Tunamjibu kwamba inawezekana. Lakini kabla ya kutaja bei, lazima auone muswada wenyewe. Muswada ni maandishi ya kitabu kabla hakijapigwa chapa.

Tueleze kwa mfano. Mzee mmoja ameandika muswada wa kurasa 96 juu ya ufugaji wa kuku. Anatuletea ukurasa wa kwanza tu, anasema, "Kazi ndogo hii, niambieni bei." Tusikubali haraka. Waandishi wengi huutengeneza sana ukurasa wa kwanza, huko ndani wanachoka. Basi tuombe kurasa tatu: mmoja wa mwanzo, mmoja wa katikati na mmoja wa mwisho. Tuzisahihishe huku tunatazama saa.

Ukurasa wa kwanza umetuchukua dakika 8, wa katikati dakika 17, wa mwisho dakika 20. Jumla ni dakika 45, yaani dakika 15 kwa kila ukurasa. Kurasa 96 zitachukua saa 24. Lazima tusome tena mara ya pili, tuseme dakika 5 kwa ukurasa. Hizo ni saa 8. Kazi yote ni saa 32. Tukifanya saa 4 kwa siku, tutamaliza kwa siku 8. Kama tungepima kwa ukurasa wa kwanza peke yake, tungemwahidi mzee siku tano au sita, na bei yake ingekuwa ya hasara kwetu.

Sasa tuone kazi yenyewe. Mzee ameandika hivi:

"Vifaranga vya kuku anataka joto sana. Waki kosa joto wana kusanyika pamoja na wengine wana kufa kwasababu ya kulaliana."

Tukisahihisha inakuwa hivi:

"Vifaranga wa kuku wanataka joto sana. Wakikosa joto wanakusanyika pamoja, na wengine wanakufa kwa sababu ya kulaliana."

Tumefanya nini? Tumelinganisha maneno, maana kifaranga ni kiumbe hai. Tumeunganisha maneno yaliyokatwa, na tumetenganisha "kwasababu". Tumeweka mkato mmoja. Lakini maneno "wanataka joto sana" tumeyaacha. Sisi pengine tungesema kwa namna nyingine, lakini hayo si makosa. Ndivyo mzee anavyosema, na kitabu ni chake. Msahihishaji anayebadili kila kitu humkasirisha mwenye kitabu, na hapewi kazi ya pili.

Kosa la hatari zaidi halionekani kwa herufi. Katika ukurasa wa 14 mzee amesema mayai ya kuku huanguliwa baada ya siku 21. Katika ukurasa wa 37 ameandika siku 12. Herufi zote ni sahihi, na hata kompyuta inayotafuta makosa ya herufi haitalikamata kosa hilo. Lakini mfugaji akiamini siku 12, siku ya 13 atayatupa mayai akidhani yameoza! Hapo tusibadili kimyakimya, hata kama tunajua jibu. Tuandike pembeni kwa penseli: "Uk. 14 umesema 21. Ipi ni sahihi?" Mzee mwenyewe atajibu. Kwa hiyo tuwe na karatasi kando, tuandike kila namba, jina na ugonjwa pamoja na ukurasa wake. Kama ugonjwa umeitwa kideri mahali pamoja na mdondo mahali pengine, tumwulize achague jina moja.

Muswada ukishapangwa kwa mpigachapa, hutolewa prufu, yaani kurasa za kujaribia. Hapo kazi yetu si kutengeneza lugha tena. Ni kulinganisha prufu na muswada uliosahihishwa. Mtu mmoja asome muswada kwa sauti, mwingine afuate kwenye prufu na rula chini ya mstari. Mistari miwili ikimalizika kwa neno moja, mpangaji anaweza kuruka mmoja. Ukisoma prufu peke yake pengine hutagundua, maana sentensi huweza kuonekana nzima.

Kwa hiyo kabla ya kuanza, tuandikiane na mwenye kitabu: tutasoma muswada mara ngapi, prufu imo au haimo, tutamaliza lini, na malipo ni kiasi gani. Prufu isipotajwa, mzee atadhani imo katika bei ileile.

ZOEZI: Sahihisha sentensi hii: "Kuku hizi zime kufa kwasababu ya baridi."

JIBU: Kuku hawa wamekufa kwa sababu ya baridi.