Cheti cha CAMS: kitakutoa kaunta au kitakaa tu ukutani?

Beste yangu mmoja ni keshia wa benki hapa Eldoret. Mwaka mzima amekuwa akiweka pesa kando ili afanye CAMS, ule mtihani wa kimataifa wa wataalamu wa kupambana na utakatishaji wa fedha. Anaamini akipita tu, kaunta kwaheri. Nilimuuliza swali moja: kazi unayoitaka iko Eldoret kweli?

Tuanze na kazi yenyewe. Tuseme mteja amejiandikisha kama mkulima wa mahindi mwenye ekari tano huko Moiben. Wiki hii analeta keshi Sh950,000, kisha anarudi na kiasi hicho hicho mara tatu zaidi. Jumla Sh3.8 milioni. Kila mara anakaa chini kidogo ya milioni moja, kiwango ambacho benki huanza kudai karatasi za kuonyesha pesa zimetoka wapi.

Keshia anaona pesa tu. Mchambuzi wa miamala anapiga hesabu. Kwa bei ya Sh4,000 kwa gunia, hayo ni magunia 950. Ekari moja ikitoa magunia 20, mtu huyu anahitaji karibu ekari 48. Yeye ana tano. Huenda ni dalali anayenunua kwa wenzake, na hilo si kosa. Lakini basi awe na risiti, na fomu yake ibadilishwe isome mfanyabiashara. Kama maelezo hayapatikani, mchambuzi anaandika ripoti na kumpelekea afisa wa benki anayesimamia kuripoti utakatishaji. Huyo ndiye anayeamua kama itaenda kwa Kituo cha Kuripoti Masuala ya Fedha (FRC), na sheria inampa siku mbili tu tangu shaka ilipozuka. Mteja haambiwi kitu. Keshia akimnong'onezea kwamba ameripotiwa, keshia mwenyewe ametenda kosa la jinai.

Uzembe hapa una bei. Septemba 2018, Benki Kuu ya Kenya ilizipiga benki tano faini ya jumla ya Sh392.5 milioni kwa sababu ya akaunti zilizopitisha pesa za NYS. Makosa yalikuwa yale yale ya msingi: keshi kubwa haikuripotiwa, wateja hawakuchunguzwa vya kutosha, na miamala mikubwa ilipita bila karatasi.

Sasa turudi kwa cheti. CAMS inasaidia hasa watu watatu katika hadithi hiyo: mchambuzi wa miamala, anayechunguza wateja wa hatari kubwa, na yule afisa wa kuripoti. Inawafaa pia wanaolinganisha majina ya wateja na orodha za vikwazo vya kimataifa. Kwa keshia, meneja wa mikopo au mtu wa mauzo, inaongeza maarifa lakini haibadilishi kazi. Kama unataka kuchunguza wizi wa ndani ya benki, CFE ya wachunguzi wa ulaghai inakufaa zaidi. Na kanuni zilizo chini ya sheria yetu ya 2009 zinadai afisa wa kuripoti awe na uwezo na awe ngazi ya usimamizi, lakini hazitaji cheti hiki popote.

Kuna mtego mwingine. CAMS si ya kuingia ukitoka shule moja kwa moja. Kabla ya kukalia maswali yale 120, unatakiwa kuwa na pointi za kutosha kutokana na masomo, kazi na mafunzo. Halafu ukipita, lazima ukihuishe kila baada ya miaka mitatu, na hiyo pia ni chapaa. Anayeanza ana vyeti vidogo vya waandaaji hao hao, kimoja cha kuchunguza wateja na kingine cha kufuatilia miamala.

Na hapo ndipo swali langu la Eldoret lilipotoka. Benki nyingi zimeweka wachambuzi makao makuu, Nairobi. Tawi la hapa linatuma tu taarifa. Lakini Sacco zenye makao makuu huku kwetu nazo zinabanwa na sheria hiyo hiyo, na zinahitaji afisa wao wa kuripoti. Hapo cheti kinaweza kukufungulia mlango bila kupanda basi.

Beste amebadilisha mpango. Kwanza ameomba meneja wake amshirikishe kuandaa ripoti za tawi, hata kama ni baada ya saa za kazi. Akiitwa intavyuu, ataweza kueleza alivyogundua mkulima ambaye ekari zake hazilingani na magunia yake. Mtihani utafuata baadaye, pesa bado ziko kando.