Kwa Nini Tovuti Humrudisha Mtumiaji kwenye Ukurasa wa Kuingia

Mtu akikosea nenosiri, tovuti humwambia. Maandishi, mara nyingi mekundu, hutokea kwenye fomu yakieleza kwamba jina au nenosiri si sahihi. Katika mzunguko wa kuingia hakuna onyo la namna hiyo. Mtumiaji huandika jina na nenosiri, hubonyeza kitufe, ukurasa hupakia, kisha fomu ileile humrudia ikiwa tupu. Akijaribu tena, mambo huwa yaleyale. Wakati mwingine kivinjari chenyewe huzungushwa bila mtu kubonyeza chochote, mpaka kinaacha na kuandika `ERR_TOO_MANY_REDIRECTS`. Chrome hufika hapo baada ya kuelekezwa mara 20.

Ukimya huo ni dalili muhimu. Aghalabu maana yake ni kwamba nenosiri limekubaliwa, ila uthibitisho wa kukubaliwa huko umepotea kati ya ukurasa wa kuingia na ukurasa unaofuata. Ndiyo maana kubadili nenosiri hakusaidii, na kulijaribu mara nyingi mfululizo kunaweza hata kuifanya tovuti iifunge akaunti kwa muda kwa kudhani kuna mtu anayebahatisha. Kinachotakiwa ni kutafuta uthibitisho ulipopotelea.

Safari ya kidakuzi

HTTP, kanuni ambazo vivinjari na seva hufuata katika kuwasiliana, haina kumbukumbu. Kila ombi la ukurasa huifikia seva kana kwamba limetoka kwa mgeni. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, alibuni njia ya kuziba pengo hilo: seva hukipa kivinjari kipande kidogo cha data, na kivinjari hukirudisha kipande hicho kila kinapoomba ukurasa mwingine wa tovuti ileile. Kipande hicho ndicho kidakuzi, au kuki kama wengi wanavyokiita. Kazi yake inafanana na ya kadi ya kliniki: karani hahitaji kumkumbuka mgonjwa kwa sura, kwa kuwa namba iliyo kwenye kadi humwelekeza kwenye faili.

Tuseme mwanafunzi anaingia kwenye tovuti ya chuo yenye anwani `www.chuo.example`. Nenosiri likikubaliwa, seva hufungua kikao, yaani kumbukumbu kwamba mtu huyu ameshatambuliwa, kisha hukipa kikao hicho namba ndefu isiyotabirika. Jibu linalorudi kwenye kivinjari huwa na mistari kama hii, ingawa hapa namba imefupishwa:

```
HTTP/1.1 302 Found
Location: /nyumbani
Set-Cookie: kikao=7f3a91; Path=/; Secure; HttpOnly
```

Mstari wa kwanza na wa pili hukiambia kivinjari kiende kwenye ukurasa wa nyumbani. Wa tatu hukiambia kihifadhi kidakuzi kinachoitwa `kikao`. Kivinjari hutii, na katika ombi linalofuata huonyesha kilichopewa:

```
GET /nyumbani HTTP/1.1
Host: www.chuo.example
Cookie: kikao=7f3a91
```

Seva ikiiona namba hiyo na kuikuta kwenye kumbukumbu zake, hufungua ukurasa. Mstari wa `Cookie` usipokuwepo, au ukileta namba isiyotambulika, seva haina njia ya kujua kwamba sekunde moja iliyopita mtu huyuhuyu aliandika nenosiri sahihi. Humtendea kama mgeni na kumpeleka kwenye ukurasa wa kuingia. Hapo mzunguko umeanza, na kila upande umefanya kazi yake kama ulivyoagizwa.

Kidakuzi kilichozuiwa

Sababu iliyo rahisi kuieleza ni kwamba kivinjari kimekatazwa kuhifadhi kidakuzi. Huenda mwenye kifaa alizima vidakuzi vyote katika mipangilio kwa kutafuta faragha, au alisakinisha kiendelezi cha kuzuia matangazo na ufuatiliaji ambacho kimevuka mpaka. Kompyuta ya ofisi nayo huweza kuwa imewekewa masharti na msimamizi wake. Seva hutoa kidakuzi, kivinjari hukitupa, na ombi linalofuata huenda mikono mitupu.

Zuio la aina ya pili lina masharti yake. Vivinjari hutofautisha vidakuzi vya tovuti ambayo anwani yake inasomeka juu ya dirisha na vile vya tovuti nyingine iliyopachikwa ndani ya ukurasa huo. Aina hii ya pili, vidakuzi vya wahusika wengine, ndiyo iliyotumiwa sana na watangazaji kuwafuatilia watu kutoka tovuti moja hadi nyingine. Safari ilianza kuvizuia vyote mwezi Machi 2020. Firefox, kuanzia 2022, huvitenga kwa chaguo-msingi ili kidakuzi cha tovuti iliyopachikwa kisisomeke nje ya ukurasa kilikowekwa. Chrome imemwachia mtumiaji uamuzi katika madirisha ya kawaida.

Hatua hizo zimelinda faragha, lakini zimeziathiri pia huduma halali. Chuo kinaweza kuwa kimepachika mfumo wa masomo wa kampuni nyingine ndani ya ukurasa wake. Mfumo huo ukitaka kuhifadhi kidakuzi chake, kivinjari hukiona kuwa cha mhusika mwingine na kukikataa. Dalili yake ni kwamba mwanafunzi anaingia kwenye tovuti ya chuo bila shida, ila kisanduku kilicho katikati ya ukurasa kinaendelea kumtaka aingie. Dawa yake mara nyingi ni kuufungua mfumo wenyewe katika dirisha lake, pale ambapo anwani yake ndiyo itakayosomeka juu. Hilo lisipowezekana, ruhusa itolewe kwa tovuti hiyo peke yake, bila kufungulia tovuti zote.

Kidakuzi kilichoharibika

Watu husema kidakuzi kimeharibika, na ni kweli kwamba faili ambamo kivinjari huhifadhi vidakuzi huweza kuharibika, kwa mfano kompyuta inapozimika ghafla. Lakini mara nyingi kila kidakuzi ni kizima chenyewe. Tatizo huwa ni viwili vyenye jina moja vinavyogongana.

Turudi kwenye tovuti ya chuo. Mwaka uliopita mafundi waliipanga itoe kidakuzi cha `kikao` kwa ajili ya anwani zote za `chuo.example`, kikiwa na uhai wa mwaka mzima. Mwaka huu wameibadilisha itoe kidakuzi cha `www.chuo.example` pekee. Kivinjari hukitambua kidakuzi kwa mambo matatu kwa pamoja: jina, kikoa na njia. Kwa kuwa kikoa kimebadilika, kidakuzi kipya hakichukui nafasi ya cha zamani. Hukaa kando yake, na ombi linapokwenda, vyote viwili huondoka pamoja:

```
Cookie: kikao=02bc44; kikao=7f3a91
```

Viwango vya vidakuzi vilivyochapishwa mwaka 2011 kwa jina la RFC 6265 vinaelekeza kwamba, pale njia zinapolingana kwa urefu, kilichoundwa mapema kitangulie. Kwa hiyo cha zamani huwa mbele. Seva nyingi husoma cha kwanza tu. Seva ya chuo inaisoma namba `02bc44`, inakuta kikao hicho kilikwisha zamani, inamrudisha mwanafunzi kwenye fomu. Anaandika nenosiri tena, anapewa namba mpya, na ile ya zamani inaendelea kutangulia. Hata akijaribu siku nzima, matokeo hayabadiliki.

Kisa hiki kinaeleza jambo linalowatatiza wengi: kwa nini tovuti inamkubali mwanafunzi mpya aliyeifungua leo kwa mara ya kwanza na kumkataa aliyeitumia mwaka mzima. Mpya hana kidakuzi cha zamani cha kutangulia.

Kutambua na kurekebisha

Jaribio la kwanza ni kufungua tovuti katika hali fiche, yaani dirisha la faragha. Dirisha hilo huanza bila vidakuzi vya zamani, na katika Chrome viendelezi pia havifanyi kazi humo mpaka mtumiaji aviruhusu. Mtumiaji akifanikiwa kuingia humo, kosa liko kwenye vidakuzi vilivyohifadhiwa au kwenye kiendelezi. Akishindwa, asikate shauri mapema, kwa sababu hali fiche ya Chrome huzuia vidakuzi vya wahusika wengine hata kama dirisha la kawaida linaviruhusu. Ajaribu basi kivinjari kingine au simu nyingine.

Kosa likiwa kwenye vidakuzi vilivyohifadhiwa, si lazima kufuta vyote. Kufanya hivyo humtoa mtu katika akaunti zake zote kwa mpigo, na asiyekumbuka manenosiri yake au aliyepoteza laini inayopokea namba za uthibitisho anaweza kujifungia nje ya barua pepe yake. Katika Chrome ya kompyuta, anwani `chrome://settings/content/all` huonyesha orodha ya tovuti zote zenye data. Katika Firefox, alama iliyo kushoto kwa anwani hufungua chaguo la kufuta vidakuzi vya tovuti iliyo wazi. Katika mfano wetu, lazima data ya `chuo.example` yote iondoke, pamoja na anwani zake ndogo, kwani kidakuzi kinachosumbua kimehifadhiwa chini ya jina kuu. Baada ya hapo mtumiaji afunge kichupo, aandike anwani ya tovuti upya na kuingia. Asitumie alamisho iliyohifadhiwa kutoka ukurasa wa kuingia, maana huweza kubeba anwani ya jaribio lililokwisha.

Data ikifutwa na mzunguko ukabaki, hatua inayofuata ni kuvizima viendelezi kimoja kimoja, kisha kukagua kama kivinjari kinaruhusiwa kuhifadhi data. Katika Chrome mpangilio huo uko `chrome://settings/content/siteData`. Anayetaka ushahidi wa moja kwa moja anaweza kubonyeza `F12` kwenye kompyuta, kufungua sehemu ya `Application`, kisha `Cookies`. Baada ya kujaribu kuingia, sehemu hiyo ikiwa tupu, kidakuzi hakikuhifadhiwa. Kukiwa na mistari miwili yenye jina moja na vikoa tofauti, mgongano umeonekana.

Mzunguko ukitokea katika vifaa tofauti na kwa watu tofauti, kosa liko upande wa tovuti. Inawezekana kidakuzi kina sharti la `Secure`, linalotaka muunganisho wa HTTPS, ilhali ukurasa unafunguliwa kwa HTTP. Inawezekana pia kwamba tovuti inahudumiwa na seva mbili zisizoshirikiana kumbukumbu za vikao, hivyo namba iliyotolewa na moja haijulikani kwa nyingine. Hapo mtumiaji hana la kufuta. Awaarifu mafundi saa ya tukio, kivinjari alichotumia, na kama hali fiche ilibadilisha chochote.

Katika taarifa hiyo asiweke picha inayoonyesha thamani ya kidakuzi, wala faili la HAR, ambalo hurekodi mawasiliano yote ya ukurasa. Aliye na namba ya kikao kilicho hai anaweza kuingia bila kuulizwa nenosiri. Mwezi Oktoba 2023 kampuni ya Okta, inayotoa huduma za utambulisho, ilitangaza kwamba wavamizi walifikia mafaili ya aina hiyo ambayo wateja walikuwa wamewapelekea wahudumu wake, na namba za vikao zilizokuwemo zingeweza kutumika kujifanya watumiaji halali. Faili hilo likihitajika kweli, namba za vikao ziondolewe kwanza, na mtumiaji atoke kwenye akaunti ili kikao kilichorekodiwa kife.