Mchemraba wa Delos: Kwa Nini Bikari na Rula Vilishindwa

Wagiriki wa kale walisimulia kwamba tauni ilipokiandama kisiwa cha Delos, wakazi wake walikwenda kumuuliza mungu Apolo wafanye nini. Wakaambiwa wajenge madhabahu nyingine yenye umbo lilelile la mchemraba, lakini yenye ujazo mara mbili ya ile ya kwanza. Mafundi wakarefusha kila upande mara mbili, wakajikuta na madhabahu yenye ujazo mara nane, maana 2 × 2 × 2 ni 8. Ikiwa upande wa kwanza ni 1, upande uliotakiwa ni kipeuo cha tatu cha 2, yaani namba ambayo nitaiita k, yenye sifa kwamba k × k × k = 2.

Kuikadiria k si kazi ngumu. Chukua 1.26, na ukiikuza kwa kipeo cha tatu utapata 2.000376. Kwa mchemraba wenye upande wa mita moja, kosa la urefu halifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, na penseli ya kawaida huchora mstari mnene kuliko hapo. Hata jibu kamili Wagiriki walilipata: Arkita wa Tarento alilifikia kwa kukutanisha nyuso tatu zilizopinda. Kilichowashinda ni kulipata kamili kwa bikari na rula isiyo na alama, kwa hatua zinazohesabika. Ilipita zaidi ya miaka 2,000 kabla Mfaransa Pierre Wantzel, aliyezaliwa mwaka 1814, hajachapisha mwaka 1837 uthibitisho kwamba haiwezekani. Hoja hiyo siku hizi huelezwa kwa lugha iliyo nyepesi kuliko aliyoitumia yeye, na mtu aliyesoma aljebra ya sekondari anaweza kuifuata yote.

Tuanze na namba wiano, yaani zile zinazoandikika kama sehemu: 3, 1/2, −7/5 na kadhalika. Ukizijumlisha, ukizitoa, ukizizidisha au ukizigawanya (ila kwa sifuri), hutoki nje ya kundi lao. Kundi la namba lenye sifa hiyo huitwa uwanja. Sasa ingiza √2 katika uwanja huo. Kila namba utakayoipata itaandikika kama a + b√2, ambapo a na b ni namba wiano. Hata kugawanya hakukutoi nje: 1 ÷ (3 + √2) ni sawa na 3/7 − (1/7)√2. Uwanja umepanuka, na kila namba yake inahitaji viungo viwili, 1 na √2. Hesabu hiyo ya viungo ndiyo daraja la upanuzi. Hapa daraja ni 2.

Panua tena kwa kuongeza √3. Namba mpya zina umbo la c + d√3, lakini safari hii c na d zenyewe ni namba za umbo a + b√2. Fungua mabano na utaona kwamba ukianzia kwenye namba wiano unahitaji viungo vinne: 1, √2, √3 na √6. Ghorofa ya kwanza ilikuwa ya daraja la 2, ya pili ikawa ya daraja la 2 juu yake, na jumla yake kutoka chini hadi juu ni 2 × 2 = 4. Hiyo ndiyo sheria ya mnara: madaraja ya ghorofa hayajumlishwi, huzidishwa, kwa kuwa kila kiungo cha ghorofa ya juu huzidishwa na kila kiungo cha ghorofa ya chini. Kwa hiyo daraja la kila ghorofa ni lazima liligawe daraja la mnara mzima bila kubaki. Sehemu hii ya mwisho ndiyo itakayotoa hukumu.

Bikari na rula vinaingiaje? Pointi mpya hupatikana pale mistari miwili inapokatana, mstari unapokata duara, au duara mbili zinapokatana. Mistari miwili ikikatana, jibu hupatikana kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya tu, hivyo uwanja hauongezeki. Mstari ukikata duara, unatokea mlinganyo wenye kipeo cha pili, na jibu lake huhitaji kipeuo cha pili kimoja. Duara mbili huonekana kama zingeweza kuleta kitu kigumu zaidi, lakini ukitoa mlinganyo wa duara moja kutoka kwa mwingine, x² na y² hufutika na kinachobaki ni mlinganyo wa mstari. Tumerudi kwenye mstari na duara. Kila hatua ya mchoro, basi, ama haiongezi kitu ama inaongeza ghorofa ya daraja la 2. Mchora akifanya hatua kumi au elfu, daraja la mnara wake litakuwa 1, 2, 4, 8, 16, 32, na kuendelea hivyo.

Sasa tuiangalie k. Kwanza, si namba wiano. Ingekuwa m/n, tungepata m × m × m = 2 × n × n × n. Hesabu ni mara ngapi 2 inajitokeza kama kigawo cha kila upande: kushoto idadi hiyo inagawanyika kwa 3, kulia inagawanyika kwa 3 ikabaki 1. Pande hizo haziwezi kuwa sawa.

Je, viungo viwili, 1 na k, vingetosha? Vingetosha tungeweza kuandika k² = p + qk, ambapo p na q ni namba wiano. Zidisha pande zote kwa k: kushoto unapata 2, kulia pk + qk². Badilisha k² kwa p + qk, upate 2 = pq + (p + q²)k. Kwa kuwa k si namba wiano, p + q² ni lazima iwe sifuri, la sivyo k ingeandikika kama sehemu. Basi p = −q², na pq = 2 inageuka kuwa q³ = −2. Hapo q ingekuwa −k, ilhali tulisema q ni namba wiano. Hivyo kiungo cha tatu, k², hakikwepeki. Vitatu hivyo vinatosha hata kwa kugawanya: 1 ÷ (1 + k), kwa mfano, ni (1 − k + k²) ÷ 3. Daraja la k ni 3 kamili.

Hukumu ni hii. Kama mchoro ungeweza kuifikia k, uwanja wa k ungekuwa ghorofa ndani ya mnara wa mchora, na kwa sheria ya mnara 3 ingeligawa daraja la mnara huo bila kubaki. Lakini daraja hilo ni 2 iliyozidishwa yenyewe mara kadhaa, na 3 haigawi 2, wala 4, wala 8, wala namba yoyote ya mfululizo huo.

Hoja hii ina mpaka wake. Inakataza madaraja yasiyo katika mfululizo wa 2, 4, 8, lakini haiahidi kwamba kila namba yenye daraja la 4 inachoreka, zipo zisizochoreka. Tena inahusu vyombo hivi viwili tu: ukiweka alama mbili kwenye rula na kuitelezesha, au ukikunja karatasi kwa ustadi, k inapatikana kamili.

Kwa hiyo ukiletewa mchoro unaodaiwa kuongeza mchemraba maradufu, usihangaike na milimita. Kagua kwanza kama rula ina alama, kisha andika urefu uliopatikana kwa namba wiano na vipeuo vya pili, ukuze kwa kipeo cha tatu, na ulinganishe na 2. Kama rula haikuwa na alama, tofauti itakuwepo, hata ikiwa ndogo kiasi gani.