Cheti Kilichopotea na Daftari Lililoungua: Vyuo Vikuu Humpimaje Mkimbizi Asiye na Karatasi?

Mwanzoni mwa 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipopamba moto, maelfu ya wakaazi wa Eldoret na viunga vyake walikimbilia Uwanja wa Maonyesho wa mji huo, wakalala katika mahema. Waliochomewa nyumba walichomewa na sanduku la vyeti pia. Hata hivyo, moto ule haukuyafikia matokeo ya mitihani. Alama za kila aliyefanya mtihani wa KCSE tangu ulipoanza mwaka 1989 zimeandikwa katika daftari la Baraza la Mitihani, KNEC. Aliyepoteza cheti huomba kingine kwa njia ya mtandao, katika mfumo uitwao QMIS, akiambatisha ripoti ya polisi na barua ya mkuu wa shule aliyosoma. Karatasi imepotea, lakini daftari lipo.

Sasa, ndugu msomaji, mfikirie jirani yake katika mji huo huo, mama aliyekimbia Mogadishu akapitia kambini na hatimaye kufika Eldoret. Yeye hakupoteza cheti tu. Serikali ya nchi yake ilianguka Januari 1991, na kwa zaidi ya miaka 20 haikuwapo wizara iliyosimamia mtihani wa taifa. Hakuna mfumo wa kujaza wala ofisi ya kuandikia barua, na pengine hata mwalimu mkuu aliyemfundisha hayuko hai. Kwake yeye, daftari lenyewe halipo.

Tofauti hii ndiyo kiini cha jambo. Aliyepoteza karatasi anahitaji nakala. Aliyepotelewa na daftari hana pa kuomba nakala, na chuo kinachotaka kumtendea haki hakina budi kumpima yeye mwenyewe.

Mlango ulivyo nchini Kenya

Kenya iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mnamo 1966. Kifungu cha 22 cha mkataba huo kinataka mkimbizi atendewe kwa wema uwezekanao katika elimu ya juu, pamoja na kutambuliwa vyeti vya ng'ambo. Lakini tazama neno lililotumika hapo: vyeti. Mkataba ulimfikiria mtu aliyefika na cheti mkononi.

Utaratibu wa vyuo vyetu, Moi na Eldoret vikiwemo, nao umejengwa juu ya dhana hiyo. Anayetaka shahada ya kwanza huhitaji wastani wa C+ katika KCSE au sifa inayolingana nao. Aliyesoma sekondari nje ya nchi hupeleka cheti chake KNEC kikalinganishwe na kile cha Kenya, kisha barua ya ulinganisho ndiyo anayoipeleka chuoni. Asiye na cheti hana cha kulinganishwa, na safari yake huishia hapo kabla hajaulizwa anajua nini.

Njia ya kukifanya upya KCSE kama mtahiniwa wa binafsi ipo, nayo ina kizingiti chake. Kwa miaka mingi mtahiniwa alitakiwa aonyeshe matokeo ya mtihani wa darasa la nane, KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023, au sifa ya nje iliyolinganishwa. Ndiyo maana katika kambi za Dadaab na Kakuma imekuwa jambo la kawaida kumwona mtu mzima akikaa dawati moja na watoto. Aghalabu si kwamba hakusoma. Anasoma upya ili apate karatasi ya kwanza itakayomfungulia ya pili.

Mahojiano badala ya cheti

Barani Ulaya, Mkataba wa Lisbon wa 1997 ulizitaka nchi wanachama ziweke utaratibu wa haki kwa wakimbizi wasioweza kuthibitisha elimu yao kwa hati. Norwe, kupitia shirika lake la kusimamia ubora wa elimu, NOKUT, ilianza mwaka 2013 kuwapima watu hao kwa mahojiano. Kutokana na kazi hiyo, Baraza la Ulaya lilianzisha 2017 hati iitwayo pasipoti ya sifa za kielimu kwa wakimbizi, majaribio ya kwanza yakifanyika Ugiriki. UNESCO nayo ilileta hati ya namna hiyo Afrika, ikaijaribu Zambia mwaka 2019 pamoja na mamlaka ya sifa ya nchi hiyo.

Kazi yenyewe hufanywa kwa hatua mbili. Kwanza, mwombaji hujaza dodoso refu: shule alizosoma na miaka yake, masomo, lugha ya kufundishia, mitihani, kazi alizofanya, na karatasi yoyote iliyobaki, hata picha ya simu. Pili, huketi kwa muda wa kama saa moja na watahini wawili. Mmoja wao sharti aufahamu mfumo wa elimu wa nchi anayotoka mwombaji, na mazungumzo huwa katika lugha anayoimudu.

Watahini hao hawamtungii mtihani wa hesabu. Wanachotafuta ni jambo moja: je, maelezo haya yanalingana na shule zilivyokuwa kweli mahali pale, mwaka ule?

Mfano wa kupimia

Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo liwe wazi. Mama anasema alimaliza sekondari Mogadishu mwaka 2009, akakimbia mwaka uliofuata, akafundisha shule ya msingi kambini miaka minne. Anataka kusomea ualimu.

Mtahini anayeijua Somalia hatashangaa kwamba hana cheti cha serikali. Anajua kuwa baada ya 1991 shule ziliendeshwa na wananchi, misikiti na jumuiya za hisani, na kwamba nyingi zilijikusanya chini ya jumuiya za mwavuli zilizotunga mitihani na kutoa vyeti vyao. Kwa hivyo atauliza: shule yenu ilikuwa chini ya mwavuli gani? Vitabu vilitoka nchi gani? Mama akijibu kuwa walisoma kwa Kiarabu, akazitaja ngazi za ibtidai, idadi na thanawi na idadi ya miaka ya kila moja, kisha jumla ikafika miaka 12, maelezo yameanza kusimama. Mtahini ataendelea: mtihani wa mwisho ulikuwa na masomo mangapi? Mlifanyia wapi? Fizikia mlijifunza kwa lugha gani? Aliyepitia hayo hujibu kwa urahisi, tena huongeza mambo ambayo hakuulizwa. Aliyekaririshwa hujua jina la shule na mwaka, lakini huishiwa akiulizwa siku ya mtihani ilikuwaje.

Sasa tuseme mama huyo, kwa kukata tamaa, amenunua cheti mtaani: karatasi safi, muhuri wa wizara, tarehe ya 2009. Serikali ya Somalia ilirudi kuendesha mtihani wa pamoja wa sekondari mwaka 2015. Karatasi ile nzuri ndiyo itakayomwangusha, ilhali maneno yake ya kweli yangemvusha. Zaidi ya kosa la jinai, cheti cha kughushi huyatia shaka hata yale aliyoyasoma kwa haki.

Mahojiano yakienda vyema, mama hupewa maelezo ya maandishi: kiwango cha elimu alichofikia kwa kadiri ilivyothibitika, lugha anazozijua, kazi alizofanya. Hati ya Ulaya hudumu miaka 5. Si cheti mbadala wala kitambulisho, haimlazimishi mkuu wa chuo kumpokea, na kwa taaluma kama uuguzi haimpi leseni.

Pale mahojiano yanapokomea

Mahojiano yana mpaka mmoja mkubwa. Yanaweza kuonyesha kwamba mtu alimaliza sekondari, lakini hayawezi kuonyesha alipata alama gani, na mlango wa Kenya umejengwa juu ya alama. Hata mahojiano yaliyofanywa kwa uadilifu wote hayawezi kutoa C+.

Kwa hivyo chuo kinachotaka kumpokea mtu wa namna hii huhitaji kipimo cha pili. Kipimo kimoja ni mtihani wa kuingilia. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kina mtihani wa watu wazima kwa waliotimiza miaka 25, ambao hupima uwezo wa kufikiri wa jumla pamoja na ujuzi wa fani. Kipimo kingine ni ngazi yenyewe: mtu huanza chini, na kila hatua anayofaulu huwa ushahidi wa inayofuata.

Chuo Kikuu cha Moi kimeshiriki ngazi kama hiyo. Kuanzia 2013, pamoja na Chuo Kikuu cha Kenyatta na vyuo vikuu vya York na British Columbia vya Kanada, kilifundisha walimu wa kambi za Dadaab katika mradi wa BHER. Wanafunzi walianza na kozi ya maandalizi ya Kiingereza cha kitaaluma, utafiti na kompyuta, kisha wakapanda kwa cheti, stashahada na shahada, anayeishia njiani akiwa na sifa inayosimama peke yake. Wengi wao walikuwa wamesoma mtaala wa Kenya kambini, basi daftari lao lilikuwapo. Lakini umbo la ngazi hiyo ndilo linalomfaa pia asiye na daftari, kwani alama ambazo mahojiano hayakuweza kuzitoa huzipata hapo, mbele ya walimu wanaomwona.

La kuwekwa tayari nyumbani

Familia yenye mtu wa hali hii ina kazi ya kufanya kabla ya kubisha hodi chuoni. Aandike historia ya masomo yake mwaka kwa mwaka, angali anakumbuka: shule, mtaa, walimu, vitabu, miaka iliyokatika kwa vita. Asilijaze pengo kwa kubuni, maana pengo la kweli ni sehemu ya ushahidi. Atafute waliosoma naye, popote walipo, na picha za zamani.

Ayatazame pia maelezo aliyoyatoa siku ya kwanza alipoandikishwa kuwa mkimbizi. Kiwango cha elimu huulizwa wakati huo, na neno lililosemwa kabla mtu hajawa na haja ya chuo lina uzito kuliko la leo. Kama karani alikosea, aombe lisahihishwe mapema.

Mwisho ni jina na tarehe. Kisomali huandika Caasha na Xaliima, karani wa Kenya akaandika Asha na Halima. Wengi wasiojua siku waliyozaliwa waliandikiwa tarehe 1 Januari. Mtahini mwenye ujuzi huyaelewa hayo, lakini karani wa udahili huenda akaona watu wawili. Kiapo kimoja mbele ya wakili, kinachoeleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, huondoa shaka hiyo kabla haijawa sababu ya kukataliwa.