Maneno na Mahadhi: Jinsi ya Kuupima Utenzi Unapoimbwa

Wasikilizaji wetu, wengi wenu mmefundishwa kwamba ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande kina mizani nane, na kwamba vipande vitatu vya kwanza hupatana kwa kina, na cha nne hushika kina kimoja kinachorudi tangu mwanzo hata mwisho. Hayo ni kweli. Lakini mtu aliyeyapata katika kitabu tu hudhani kuwa mizani ni hesabu ya jicho, kana kwamba mtungaji alihesabu herufi karatasini. Utenzi ulitungwa uimbwe, na mizani ni kazi ya sikio. Leo twataka kuonyesha jinsi maneno na mahadhi yanavyopimwa pamoja, kwa kuwa yapo maswali ambayo maneno peke yake hayawezi kuyajibu.

Ili tusimwingilie mtungaji yeyote, tumetunga ubeti wetu wenyewe, wala hatudai kuwa ni mzuri:

Jahazi latia nanga
Mbele ya mji wa Tanga
Nahodha ashusha tanga
Upepo umetulia

Tuanze na kipande cha pili, maana hapo ndipo wanafunzi hukosana. Mmoja huhesabu nane, wa pili tisa, wa tatu saba. Sababu ni herufi m, inayotokea mara mbili na kufanya kazi mbili mbalimbali. Katika "mbele" imeshikana na b, nazo hutamkwa kwa pigo moja: mbe-le. Katika "mji" imesimama peke yake na ina pigo lake: m-ji. Basi kipande chote ni mbe-le-ya-m-ji-wa-Ta-nga, yaani nane. Hata neno moja laweza kubadilika: "mbaya" katika "mtu mbaya" ni mizani tatu, lakini katika "nyumba mbaya" ni mbili. Jicho haliioni tofauti hiyo. Sikio huisikia mara moja.

Sasa tuseme mwimbaji ana mahadhi yanayopanda katika mizani tatu za kwanza, yakatua na kuvutwa katika ya nne, kisha yakashuka taratibu na kuvutwa tena katika ya nane. Tuuweke ubeti wetu juu ya mahadhi hayo. Katika kipande cha kwanza mvuto waangukia "la" ya "latia". Katika cha pili waangukia ile m ya "mji", nayo haina vokali ya kuvuta. Mwimbaji atafanyaje? Aweza kufumba midomo na kuvuma, sauti ikitoka puani. Au aweza kuirudisha ile u ya kale na kuimba "muji". Kwa vyovyote pigo lile halipotei. Hapo ndipo twapata hakika kwamba m ile ni mizani kamili. Lakini m ya "mbele" haipewi sauti yake hata kidogo. Hupita pamoja na b.

Kipande cha tatu kina mtego mwingine. Tunaposema upesi "nahodha ashusha", a mbili hukutana na kuwa kama moja, na mwenye kuandika kwa kusikia maneno tu aweza kupata mizani saba. Katika mahadhi yetu, "dha" ni ya tatu, ingali yapanda, na a inayofuata ni ya nne, inayovutwa. Sauti mbili, mizani mbili. Lau mwimbaji angaliziunganisha, tungalisikia mahadhi yakifika mwisho wa kipande na sauti moja imebaki bila neno.

Tutazame na mkazo. Katika usemi mkazo wa neno la Kiswahili, kwa kawaida, huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "Jahazi latia nanga" umo katika mizani ya pili, ya tano na ya saba; katika "Mbele ya mji wa Tanga" ni ya kwanza, ya nne na ya saba; katika "Upepo umetulia" ni ya pili na ya saba tu. Basi mkazo watangatanga, ila ule wa saba hautoki mahali pake. Mtu aliyezoea mashairi ya Kiingereza, ambayo hupimwa kwa mikazo, atatafuta mpango hapa asiupate, na huenda akasema kwamba hakuna mpango. Mpango upo, nao ni hesabu. Na kwa kuwa mahadhi yanaweza kuvuta mizani ya nne au ya nane bila kujali mkazo, mahadhi yale yale huweza kubeba beti mamia. Kwa maoni yetu, hili pia lasaidia kueleza kwa nini kina huwekwa katika silabi ya mwisho, ambayo katika usemi ni dhaifu: katika wimbo ndiyo inayovutwa, na msikilizaji hukaa nayo.

Mwenye kutaka kukusanya tenzi, basi, asimwambie mwimbaji "nisomee maneno niandike." Mwimbaji akiacha kuimba huongea kama watu wote: huunganisha vokali, na mara nyingine hubadili neno kwa jingine lenye maana ile ile. Aimbe kwanza, nawe usiandike kitu. Aimbe tena, nawe uwe umechora vyumba vinane kwa kila kipande. Tia silabi moja katika kila chumba, na chini yake alama ya kupanda, kushuka au kuvuta. Ndipo mwisho umwombe ayaseme maneno, ulinganishe.

Tuseme umekuta chumba kimoja kina silabi mbili. Kwa mfano, mwimbaji ameimba "Mbele ya bandari ya Tanga", ambayo ni tisa, akaziharakisha mbili kwa pigo moja. Je, kosa ni la maneno, au ndivyo mahadhi yalivyo? Sikiliza beti kumi zinazofuata. Likitokea mahali pale pale katika kila ubeti, ni la mahadhi. Likitokea mara moja tu, ni la maneno: labda ulimi umeteleza, labda aliyemfundisha alibadili neno. Vivyo hivyo "ee" na "wee" za kuvutia pumzi: zikirudi mahali pamoja, maneno yawayo yote, usizihesabu katika mizani.

Kisha fanya jaribio moja zaidi, ambalo sisi twaliona kuwa bora kuliko yote. Mwombe mwimbaji aimbe ubeti ule ule kwa mahadhi mengine. Kinachobaki bila kubadilika ni cha maneno. Kinachohama ni cha mahadhi. Katika mfano wetu, mvuto wa mizani ya nne utahama pengine, lakini m ya "mji" itaendelea kupewa pigo lake.

Kwa maneno yenye asili ya Kiarabu jaribio hili ni la lazima. "Daftari" ni mizani tatu au nne? Mmoja huimba daf-ta-ri, mwingine huipa f pigo lake. Hati za kale za herufi za Kiarabu, ambamo vipande vinne huandikwa katika mstari mmoja, haziwezi kukuambia mwimbaji wake alifanyaje. Utakachoweza ni kuvihesabu vipande vingine vya hati hiyo, na kuona mtungaji huyo alilipima vipi neno kama hilo mahali ambapo hesabu haina shaka.